Dakika nzima ya kuhesabu pumzi: shajara ya skripti ya muuguzi wa zamu ya usiku

Siku ya 1

Tumekubaliana leo. Video ya dakika nane inayomfuata muuguzi mmoja tangu anapoamka hadi anapolala tena, ila siku yake inaanza watu wengine wanaporudi nyumbani. Nitamwita Dada humu, kwa kuwa jina lake halihitajiki, na yeye mwenyewe ananiita mdogo wangu. Amefanya zamu za usiku kwenye wodi ya wagonjwa wazima kwa miaka kumi na moja. Mimi naandika skripti na kushika kamera, yeye ni sura na sauti.

Nilikuja na rasimu tayari, maneno kama mia tisa ya kusomwa juu ya picha. Nikamsomea aya ya kwanza, ile inayosema usiku ni mrefu lakini moyo wa muuguzi haulali. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Mdogo wangu, hayo si maneno yangu. Saa ile mimi nawaza dripu."

Nikamwomba aniambie anawaza nini hasa kuhusu dripu. Akanieleza kama anavyomweleza mwanafunzi: lita moja ya maji, iingie kwa saa nane, seti yake inatoa matone ishirini kwa kila mililita. Hayo ni matone elfu ishirini kwa dakika mia nne na themanini, yaani kama matone arobaini na mawili kwa dakika. Hana muda wa kusimama dakika nzima kila dripu, kwa hiyo anaangalia saa yake kwa sekunde kumi na tano na kutafuta matone kumi au kumi na moja. Mgonjwa akikunja mkono wenye kanula, matone yanapungua. Akiunyoosha, yanarudi kasi. "Ndiyo maana nikipita naangalia mkono kwanza, halafu chupa."

Hiyo sentensi ya mwisho ina thamani kuliko rasimu yangu yote. Nimeiandika kwenye ukurasa mpya na rasimu nimeiweka kando.

Siku ya 3

Tumebadilisha utaratibu. Siandiki tena maneno yake kabla ya kuyasikia. Dada atajirekodi kwa simu kila asubuhi baada ya kukabidhi zamu, akiwa ameshavua sare na kuketi, dakika tatu hadi tano, kisha anakwenda kulala. Asisubiri hadi mchana. Tulijaribu jana kuzungumza baada ya yeye kuamka, na kila kitu kilikuwa kimeshapangwa kichwani kama ripoti: tulipokea wagonjwa, tulitoa dawa, usiku ulikuwa shwari. Asubuhi ileile, kabla hajalala, bado anakumbuka sauti ya kiatu kilichokuwa kinalia sakafuni.

Tumewekeana masharti ya kurekodi. Hataji jina, namba ya kitanda, ugonjwa wala tarehe. Akiteleza, tunafuta rekodi nzima, hatukati kipande. Nimesisitiza hilo kwa sababu kipande kilichokatwa huwa kinabaki mahali fulani kwenye simu au kwenye hifadhi ya mtandaoni, na siku moja mtu anakifungua.

Siku ya 8

Rekodi tano zimefika. Moja tumeifuta kwa masharti yetu wenyewe. Nimezisikiliza zilizobaki mara tatu tatu nikiwa na kalamu, na ninaona wapi video hii ilipo. Haipo kwenye kukabidhiana zamu, ambako kila video ya aina hii huenda kuganda, wala kwenye kitoroli cha dawa. Ipo kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku.

Kwenye rekodi zote, sauti ya Dada inabadilika akifika saa hizo. Anaongea polepole na anaanza kueleza anavyojilinda. Mwili wa binadamu hushuka joto usiku na hufika chini kabisa kuelekea alfajiri, na usingizi nao unakuwa mzito zaidi wakati huohuo. Kwa hiyo Dada anasoma lebo ya dawa kwa sauti, hata akiwa peke yake. Anamwita mwenzake ahakiki hesabu ambayo saa tatu usiku angeifanya bila kalamu. Hakai kwenye kiti chenye mgongo laini. Hayo nitayapa sekunde arobaini na kusonga mbele, maana kuna jambo kubwa zaidi kwenye rekodi ya nne.

Anasema hivi, nimenukuu kama lilivyotoka: "Ukimwambia mgonjwa nataka kuhesabu pumzi zako, ameshabadilisha pumzi. Namshika mkono kama napima mapigo, macho yangu yako kifuani."

Nilisimamisha rekodi hapo nikatoka nje kidogo.

Siku ya 9

Nimekwenda kumwona ili anieleze jambo la pumzi kwa kirefu, kwa sababu ikiwa nitalijengea katikati ya video lazima nilijue kama yeye anavyolijua.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara kumi na mbili hadi ishirini kwa dakika. Katika vipimo vyote vinavyochukuliwa usiku, hiki ndicho kinachodanganywa kwa urahisi. Presha ina mashine yake, oksijeni ina kile kibanio cha kidoleni, joto lina kipimajoto. Pumzi zinahitaji mtu asimame, atazame kifua au tumbo, na ahesabu kwa saa yenye mshale wa sekunde. Aliyechoka anahesabu sekunde kumi na tano na kuzidisha mara nne, na hapo kosa la pumzi moja tu linageuka kuwa pumzi nne. Aliyechoka zaidi anaandika kumi na nane bila kutazama. Dada anasema ukiona karatasi ya vipimo ambayo wagonjwa wote wa wodi wanapumua mara kumi na nane, ujue hakuna aliyehesabu.

Na bado pumzi ndizo zinazoanza kubadilika mapema mtu anapozidiwa, mara nyingi presha ikiwa bado inaonekana nzuri. Mwili unakosa oksijeni au damu inaanza kuwa na asidi, nao unajibu kwa kupumua haraka. Presha hushikilia kwa muda kwa sababu moyo unaongeza kasi na mishipa inabana. Ikifika kushuka, muda mwingi umeshapotea.

Nikamwomba mfano mmoja wa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alifikiri sana kabla ya kuukubali, na nitaeleza kesho kwa nini. Mfano wenyewe ni huu. Wodi yao inatumia alama za tahadhari, kwa mtindo wa jedwali la NEWS2 ambalo Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London kilitoa mwaka 2017: kila kipimo kinapewa alama kuanzia sifuri hadi tatu kadiri kinavyotoka nje ya kawaida, halafu zinajumlishwa.

Saa nne usiku mgonjwa anapumua mara 18, vipimo vingine viko sawa, jumla sifuri. Saa nane usiku anapumua mara 22, oksijeni imeshuka hadi asilimia 95, moyo unadunda mara 96. Namba ya juu ya presha ni 112, joto 37.9, yuko macho na anaelewa. Pumzi zinampa alama mbili, oksijeni moja, moyo moja: jumla nne. Kwa jumla hiyo, jedwali linaridhika mgonjwa akipimwa tena baada ya saa nne hadi sita. Kwa maneno mengine, lingeruhusu asubiri hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Dada alirudi saa tisa na nusu. Nikamuuliza kwa nini, ikiwa karatasi haikumtuma. Akasema: "Nilimuuliza anajisikiaje. Akanijibu, niko... sawa... dada. Sentensi ya maneno matatu, ameikata mara mbili."

Alipohesabu mara ya pili, kwa dakika nzima, zilikuwa pumzi 26. Hiyo peke yake ni alama tatu, na alama tatu katika kipimo kimoja inatosha kumwita daktari wa zamu hata vingine vikiwa vizuri. Havikuwa vizuri: oksijeni 93, moyo 112, presha 104, joto 38.4. Jumla tisa. Kuanzia saba ni dharura. Akapiga simu.

Nimeangalia karatasi niliyoandikia hesabu hizi na ninaona skripti imeshajipanga yenyewe: kumi na nane, ishirini na mbili, ishirini na sita. Mtazamaji hahitaji kujua jedwali lote. Anahitaji kusikia namba tatu zikipanda na sentensi moja iliyokatika.

Siku ya 10

Sasa kuhusu ule ukimya wake wa jana. Alikuwa anajiuliza kama mtu aliyelala kitanda kile, au ndugu yake, angeweza kuangalia video na kusema huyu ni mimi, huyu ni mama yetu. Kuficha uso na jina hakutoshi. Mtu hujitambua kwa ugonjwa, kwa umri, kwa usiku wenyewe, kwa neno alilosema.

Kwa hiyo tumeujenga mfano upya. Namba zimebaki kwa sababu ni za kufundishia na zinaweza kuwa za mtu yeyote mwenye hali hiyo. Tumeondoa ugonjwa, umri, mwaka, sababu ya kulazwa, na alichosema zaidi ya yale maneno matatu, ambayo Dada ameyasikia kwa wagonjwa wengi. Mwanzoni mwa video kutakuwa na maandishi: "Hakuna mgonjwa aliyerekodiwa. Tukio la saa tisa na nusu limeigizwa, na maelezo yake yamebadilishwa." Nimeyaweka mwanzoni kwa makusudi. Yakikaa mwishoni, mtu ameshaamini alichoona.

Kiswahili kimenisaidia hapa kwa namna ambayo sikuitarajia. Sentensi "anapumua haraka, amelala ubavu, ananishika mkono" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Sikulazimika kukwepa chochote. Nimepitia skripti yote nikitafuta mahali ambapo jinsia imejipenyeza, nikapata neno moja tu, "mzee", nikaweka "mgonjwa".

Siku ya 13

Leo nimeandika kipande cha katikati. Nimepima kasi ya Dada kwenye rekodi zake za asubuhi: anasema maneno kama tisini na tano kwa dakika, pamoja na vituo vyake. Nikitaka sauti ichukue dakika tatu kati ya nane, nina maneno mia mbili themanini na tano. Dakika tano zilizobaki ni za wodi yenyewe: magurudumu, pazia likivutwa, maji bombani.

Nimejiwekea sharti la uandishi kwamba sauti isiseme kile ambacho jicho linaona. Mkono ukiwa kwenye kifundo cha mgonjwa, sauti haisemi "ninamshika mkono". Inasema kile ambacho kamera haiwezi kufika, yaani anachowaza.

Kipande chenyewe hiki:

PICHA: Korido, taa nusu. Dada anatembea kutoka kwenye kamera. Viatu havilii.
SAUTI: (hakuna, sekunde sita)

PICHA: Pazia linafunguliwa kiasi cha mkono. Uso wa Dada, mwanga wa tochi umeelekezwa sakafuni.
SAUTI: Karatasi ilisema nirudi asubuhi.

PICHA: Vidole vyake viwili kwenye kifundo cha mkono. Saa iliyobanwa kifuani mwa sare.
SAUTI: Nimeshika mapigo, ila siyahesabu. Akijua nahesabu pumzi, atanipa pumzi za kunipendeza. Watu ni wema hata wakiumwa.

PICHA: Blanketi likipanda na kushuka. Picha moja, dakika nzima, bila kukatwa.
SAUTI: (hakuna)

PICHA: Kalamu juu ya karatasi, inasita, inaandika 26.
SAUTI: Saa nne zilikuwa kumi na nane. Saa nane, ishirini na mbili.

PICHA: Dada na simu ya wodi, tunamwona kupitia mlango.
SAUTI: (hakuna, tunasikia sehemu yake ya mazungumzo)

Ile "watu ni wema hata wakiumwa" ni yake, nimeitoa kwenye rekodi ya nne. Dakika nzima ya blanketi ndiyo inayonitia wasiwasi. Ni dakika moja kamili kati ya nane, na hakuna kinachotokea isipokuwa kifua. Lakini nikiikata kuwa sekunde kumi, nitakuwa nimefanya kilekile cha anayehesabu robo dakika na kuzidisha. Inabaki.

Mazungumzo ya simu pia nimeyaandika kwa mpangilio ambao Dada hutumia: anasema yeye ni nani na anapiga kutoka wapi, nini kinatokea sasa, mgonjwa alikuwaje kabla, yeye anaona nini, na anataka nini kifanyike. Hilo la mwisho wauguzi wachanga huliruka kwa kuogopa. Wanasoma namba zote kisha wananyamaza, wakingoja daktari aliyetoka usingizini akisie. Dada anasema wazi: "Naomba uje umwone sasa." Nimeliacha kama lilivyo.

Siku ya 17

Ruhusa ya maandishi imepatikana, kwa masharti ambayo nayaona ni ya haki. Tunarekodi kwenye chumba cha mazoezi cha wanafunzi wa uuguzi, chenye vitanda vitatu na mapazia halisi, wakati hakuna masomo. Kwenye wodi yenyewe kamera haiingii kabisa. Mgonjwa wetu ni mwanafunzi aliyejitolea na kutia saini.

Jioni nilifanya jaribio la picha, likanifundisha mawili. La kwanza, michirizi myeusi ilikuwa inapanda juu ya picha kama mawimbi. Ni taa za dari. Kwenye umeme wa herzi 50 taa za mirija huwaka na kufifia mara mia kwa sekunde, na kamera yangu ilikuwa imejiachia kuchagua kasi ya shata yenyewe. Nimeifunga kwenye 1/50, michirizi ikaondoka. Kwenye umeme wa herzi 60 ingekuwa 1/60. Nimefunga na rangi ya mwanga pia, la sivyo kila Dada akipita mbele ya taa uso wake ungebadilika kutoka njano kwenda buluu.

La pili ni zito zaidi. Kwenye kioo cha dirisha, nyuma ya bega la Dada, kulikuwa na ubao mweupe wa chumba cha jirani uliojitokeza kinyume. Majina ya watu, yameandikwa kwa mkono, yanasomeka ukigeuza picha. Nilikuwa nimeangalia kila karatasi mezani, kila bangili ya mkononi, kila skrini, nikasahau vioo. Faili nimelifuta mbele ya Dada. Kesho dirisha linafunikwa kitambaa, na kabla ya kila picha nitapiga duara zima la chumba kwa macho nikianzia kwenye vitu vinavyong'aa.

Siku ya 18

Tumerekodi kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba. Dada alikuwa mapumzikoni, si mtu aliyetoka zamu. Hilo lilikuwa sharti langu. Sikutaka uchovu wake uwe pambo la video.

Saa mbili za kwanza zilikuwa mbaya. Kila kitu alikifanya kwa usahihi na kila kitu kilionekana kimefanywa kwa ajili yangu. Alivuta pazia kama anayefungua jukwaa. Aliposhika mkono wa mwanafunzi, kichwa chake kilikuwa kimegeuka kidogo upande wa kamera, kiasi cha kidole kimoja, lakini kinaonekana. Nikimwambia asiniangalie, anajitahidi kutoniangalia, na hilo nalo linaonekana.

Nilikuwa namwambia nahesabu pumzi zako. Nilipolifahamu hilo niliona aibu kidogo, maana jibu lilikuwa kwenye skripti yangu mwenyewe.

Tukakaa chini tukazungumza. Tukakubaliana kwamba kamera itawekwa kwenye miguu mitatu karibu na kitanda cha kona, itawashwa, na itaachwa kwa dakika arobaini. Taa nyekundu ya kurekodi nikaibandika utepe mweusi. Mimi nikaondoka nyuma yake na kukaa korido. Dada na mwanafunzi wanajua inarekodi tangu mwanzo hadi mwisho, na tumeandikiana kwamba wao wawili wataangalia yote kabla yangu na kufuta wanachotaka bila kunipa sababu. Sikuficha kamera. Nilijiondoa mimi. Nikampa Dada kazi halisi: amfundishe mwanafunzi kupima vitanda vyote vitatu, viwili vikiwa na midoli ya mazoezi.

Nikiwa korido nilisikia wakianza kwa sauti za kuigiza. Baada ya kama dakika kumi na mbili, Dada akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hapana, usiweke kibanio kwenye kidole chenye rangi ya kucha, kitakudanganya," na kuanzia hapo walikuwa kazini.

Halafu ikaja zamu ya mwanafunzi kulala ili Dada amwonyeshe kuhesabu. Kukawa kimya. Kimya kikawa kirefu, nikadhani wamemaliza. Nilipochungulia, mwanafunzi alikuwa amelala usingizi wa kweli, mdomo wazi. Dada alikuwa bado amemshika mkono, macho kifuani, midomo yake inasogea bila sauti. Alipomaliza aliandika namba kwenye karatasi, ingawa hakuna aliyemwomba. Kisha akalivuta blanketi, akakunja pindo lake mara moja chini ya kidevu ili lisiguse mdomo, akaielekeza tochi ukutani, akapita akikanyaga kwa nje ya nyayo.

Lile pindo la blanketi sikuliandika popote. Nilipomuuliza baadaye alishangaa kwamba nimeliona. "Likigusa mdomo huoni vizuri wakivuta pumzi," akasema.

Siku ya 19

Wamepitia dakika zote arobaini wakiwa wawili. Mwanafunzi ameomba picha ya mdomo wazi iondolewe, nayo imeondolewa. Kwa bahati, pindo la blanketi linaonekana toka upande wa mgongo wa Dada, uso wa aliyelala haumo.

Siku ya 22

Kurekodi sauti. Tulianza mchana, Dada akiwa amelala vizuri, ndani ya kabati la nguo ili nguo zinywe mwangwi, simu umbali wa shibiri moja na kidogo pembeni mwa mdomo ili herufi za p na b zisipulize. Sauti safi kabisa. Na haifai. Alisoma "karatasi ilisema nirudi asubuhi" kama anatangaza ratiba.

Nikarudi kwenye rekodi zake za asubuhi. Ndani yake kuna mlio wa friji na mara moja mlango, lakini sauti iko chini, maneno yanatoka kama mtu anayevua viatu. Nilifikiria kumwomba arekodi sentensi zote baada ya zamu. Tukakubaliana kwa kiasi: asubuhi moja tu, dakika kumi na mbili kwa saa, hasomi. Mimi namuuliza swali na yeye anajibu kwa sentensi iliyopo kwenye skripti, kwa maneno yatakayomjia. Sentensi saba kati ya kumi na tisa zimetoka tofauti na nilivyoandika. Zote saba ni fupi kuliko zangu.

Nilirekodi pia dakika moja ya ukimya wa chumba hicho, ili nikiunganisha sentensi mbili pasiwe na shimo katikati.

Siku ya 26

Kuhariri. Jambo dogo limenichukua asubuhi nzima: saa. Karatasi ya vipimo imeandikwa 03:30, kama karatasi zote za wodi. Dada anasema "saa tisa na nusu". Mtazamaji akiona moja na kusikia nyingine, kwa nusu sekunde anadhani amekosea, na nusu sekunde hiyo ndiyo namba 26 inapoandikwa. Sitaibadilisha karatasi, maana ndivyo ilivyo kazini, na wala sitambadilisha Dada. Nimeikata picha ya karatasi ianze chini ya safu ya muda. Maandishi ya kwenye skrini yanasema "Saa 9:30 usiku".

Nimejaribu pia kuweka muziki chini ya dakika ya blanketi. Nikautoa baada ya kusikiliza mara moja. Muziki una mapigo, na sikio linaanza kuhesabu mapigo badala ya pumzi. Kilichobaki ni sauti ya kitambaa, na mbali kidogo kitoroli. Nilimpa rafiki aangalie bila kumwambia chochote. Kwenye sekunde ya ishirini alijisogeza kwenye kiti. Kwenye sekunde ya arobaini midomo yake ilikuwa inasogea.

Picha ya mwanafunzi akiwa macho, tuliyoiigiza mwanzoni, ndiyo niliyoitumia kwa dakika hiyo, kwa sababu alikuwa ameelekezwa kupumua mara 26. Nilihesabu. Zilikuwa 24. Tumerudia kwa kipimamwendo masikioni mwake, pumzi moja kila sekunde mbili na kidogo, hadi zikatimia. Kuna muuguzi mahali fulani atahesabu pamoja na Dada, nami sitaki akute ishirini na nne.

Siku ya 30

Dada ameangalia video nzima leo, dakika saba na sekunde hamsini na mbili. Mwisho wake ulikuwa yeye akikabidhi zamu, kisha chumbani kwake kitambaa kizito kikifunika dirisha, na sauti ikisema: "Saa moja asubuhi naulizwa usiku ulikuwaje. Nasema ulikuwa mzuri."

Alinyamaza, akarudisha nyuma, akaangalia tena tangu simu ya daktari.

"Hukusema kama alipona," akasema.

Nikamwambia sikujua, na nilidhani si haki kubuni.

"Sikuombi ubuni. Weka nilichofanya baada ya simu. Niliinua kichwa cha kitanda, nikaweka oksijeni kama daktari alivyoagiza, nikapima tena baada ya robo saa. Halafu nikaenda kitanda cha pili yake, kwa sababu dripu ilikuwa inakaribia kuisha."

Picha ya kichwa cha kitanda kikiinuka tunayo, kwenye zile dakika arobaini. Ya dripu tunayo pia: anapita, anaangalia mkono kwanza, halafu chupa. Nimeziweka zote mbili baada ya simu, bila sauti juu yake. Sasa ni dakika nane na sekunde tano.